Siku Zilizofutwa Usiku wa Desemba

Ziko njia nyingi za kumnyima mfanyakazi ujira wake. Mwajiri anayekata mshahara bila sababu huonekana upesi, kwa kuwa mwisho wa mwezi bahasha huwa nyepesi na mtu hulalamika. Iko njia nyingine isiyo na kelele. Usiku wa tarehe 31 Desemba karani hufunga daftari la likizo, au kompyuta hujifungia yenyewe, na asubuhi ya Januari siku ambazo mtu alikwisha kuzifanyia kazi hazimo tena. Hakuna aliyeziona zikiondoka, na hakuna aliyetia sahihi.

Siandiki haya kwa kunyoosha kidole mbali. Nimekuwa mjumbe wa bodi ya kituo kimoja cha afya cha Kanisa hapa Kenya, na jambo hili lilitendeka mbele ya macho yetu. Tulipitisha kanuni bila kuihesabu. Aliyetufungua macho ni mama mmoja mfuaji wa nguo, mwenye daftari la shule la kurasa arobaini na nane.

Hesabu ya mfuaji

Mama huyo alianza kazi tarehe 1 Machi 2023. Alifua mashuka na mavazi ya wagonjwa siku sita kwa juma, kwa mshahara wa shilingi 15,600 kwa mwezi. Aliacha kazi kwa hiari yake mwisho wa Oktoba 2025. Ofisi ikamwandikia kuwa salio lake la likizo ni siku 22 na nusu, na kwamba angelipwa shilingi 13,500, yaani shilingi 600 kwa kila siku, kwa kuugawa mshahara wake kwa siku 26 za kazi katika mwezi.

Alikuja kwangu na barua ile. "Padre," akasema, "mimi hesabu za kompyuta sizijui. Lakini kila siku niliyopumzika nimeiandika humu. Ziko kumi na saba tu. Zilizobaki zimekwenda wapi?"

Tuliketi tukahesabu. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, katika kifungu cha 28, inampa kila mwajiriwa likizo isiyopungua siku 21 za kazi, kwa mshahara kamili, baada ya kila miezi 12 mfululizo ya utumishi. Kazi ikikoma katikati ya mwaka, baada ya miezi miwili au zaidi ya utumishi, anastahili siku moja na robo tatu kwa kila mwezi aliotimiza. Hesabu ni ile ile, kwani 21 kugawanya kwa 12 ni 1.75. Mwaka wake wa kwanza, tangu Machi 2023 hadi mwisho wa Februari 2024, ulimpatia siku 21. Mwaka wa pili ukampatia 21 nyingine. Miezi minane ya mwisho ikampatia 14. Jumla ni siku 56. Alikuwa amechukua siku 12 mwezi wa Aprili 2024 na siku 5 mwezi wa Desemba 2024. Toa 17 katika 56, zinabaki 39. Ofisi ilisema 22 na nusu. Siku 16 na nusu zilikuwa zimetoweka.

Zilikwenda wapi? Kanuni ya kituo ilisema kwamba mwaka wa likizo unafungwa tarehe 31 Desemba, na kwamba hakuna mtumishi atakayesogeza mbele zaidi ya siku 5. Tazama basi jinsi kisu kilivyokata. Kufikia Desemba 2023 mama alikuwa na miezi kumi ya kazi, yaani siku 17 na nusu, wala hakuwa ameonja hata moja. Tano zikasogezwa, 12 na nusu zikafutwa. Mwaka wa 2024 alianza na zile 5, akapata 21, akachukua 17, zikabaki 9. Tano zikasogezwa tena, 4 zikafutwa. Mwaka wa 2025 alianza na 5, na miezi kumi ikamwongezea 17 na nusu. Ndiyo hizo 22 na nusu za barua. Kompyuta haikukosea kujumlisha wala kutoa. Ilitii kanuni tuliyoipa, na kanuni yenyewe ndiyo iliyokuwa mbovu.

Kikomo cha sheria na kikomo cha ofisi

Waajiri wengi husema kwa uhakika: "Sheria inaturuhusu kuweka kikomo." Naam, kikomo kipo, lakini si hicho. Kifungu cha 28 kinasema kwamba likizo yaweza kugawanywa kwa ridhaa ya mwajiriwa, na kwamba, isipokuwa pana mapatano mengine, fungu moja liwe la majuma mawili ya kazi yasiyokatizwa, litolewe na kuchukuliwa ndani ya ile miezi 12. Siku zinazosalia zichukuliwe kabla ya kupita miezi 18 tangu kumalizika kwa mwaka uliozizaa. Mpaka huo haukubuniwa Nairobi. Umo katika Mkataba Na. 132 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1970, ambao Kenya iliuridhia mwaka 1979.

Weka kipimo hicho juu ya mama yetu. Mwaka wake wa kwanza ulimalizika Februari 2024. Masalio ya mwaka ule yalikuwa na nafasi ya kuchukuliwa hadi mwisho wa Agosti 2025. Ofisi iliyafuta tarehe 31 Desemba 2023, miezi 20 kabla ya mpaka wa sheria, tena kabla mwaka wenyewe haujatimia. Siku za mwaka wake wa pili zilikuwa na nafasi hadi Agosti 2026. Ofisi ilikwisha kuzipunguza tangu Desemba 2024.

Kosa lilianzia mahali padogo. Sheria huhesabu mwaka wa likizo tangu siku mtu alipoanza kazi. Ofisi yetu ilihesabu kwa kalenda ya ukutani, kwa sababu ni rahisi kufunga vitabu vyote usiku mmoja. Si dhambi kutumia kalenda, mradi tarehe ya kuanza kazi ya kila mtu iandikwe kando ya jina lake, na mradi hakuna siku inayofutwa kabla ya mpaka wa mwenyewe kufika. Sisi tulilinda wepesi wa karani, na mfuaji ndiye aliyeulipia.

Wengine watauliza: je, mtu asogeze siku zake bila mwisho, hata zifike mia? Hapana, na hapa niwe mkweli kwa pande zote mbili. Wapo wafanyakazi wanaozilimbikiza siku kama akiba, wakitumaini kulipwa fedha watakapoondoka. Hilo si jema. Likizo ni mapumziko ya mwili, wala haikukusudiwa kuwa bidhaa. Mkataba ule ule Na. 132 unakataza mapatano ya kuacha likizo ya chini kabisa kwa kubadilishana na malipo. Lakini soma vizuri maneno ya sheria. Yanasema likizo itolewe na ichukuliwe. Anayetoa ni nani, kama si mwajiri? Mpaka wa miezi 18 uliwekwa ili mtu apumzike mapema, naye mwajiri asipate mwanya wa kusema kila siku "njoo kesho". Kuugeuza mpaka huo kuwa panga la kumkata anayeomba kupumzika ni kuigeuza sheria kichwa chini miguu juu.

Neno moja: inasubiri

Sasa nafika kwenye jambo lililoniuma kuliko tarakimu zote. Katika daftari la kompyuta kila ombi la likizo huwa na hali yake, nazo ni tatu: limeidhinishwa, limekataliwa, au linasubiri. Niliomba nionyeshwe maombi ya mama huyu tangu mwanzo. Yalikuwa manne. Mawili yaliidhinishwa, ndiyo yale ya siku 12 na siku 5. Mawili yalikuwa bado yanasubiri.

La kwanza aliliandika Novemba 2023, akitaka siku 12. Halikujibiwa. Majuma machache baadaye siku zake zikafutwa kwa sababu "hakuzitumia". La pili aliliandika Juni 2025, akitaka tena siku 12 ili akamuuguze mama yake mzazi. Nalo halikujibiwa. Msimamizi hakuwa mtu mwovu. Aliniambia wazi: "Padre, nikimwachia, nani atafua mashuka?" Hakutaka kukataa kwa maandishi, maana kukataa huhitaji sababu. Hakuweza kukubali, maana hatukumpa mtu wa kushika zamu. Akaliacha ombi likae. Mzazi yule alizikwa mwezi wa Agosti. Binti alipata ruhusa ya siku tatu ya kwenda mazikoni.

Ndugu msomaji, ombi linalosubiri miezi minne ni kukataa kusiko na sahihi. Ni kukataa kulikofichwa ili pasiwepo wa kuulizwa. Na hapo ndipo kikomo cha kusogeza siku na ukimya wa msimamizi vinapokutana na kutenda dhuluma ambayo kila kimoja peke yake kisingeweza kuitenda. Ukimya humzuia mtu kupumzika, kisha kikomo humwadhibu kwa kutopumzika. Mtu amefungwa miguu, halafu anahukumiwa kwa kutokwenda.

Tulipogawa zile siku 39 kwa miaka, tuliona jambo hili kwa macho. Kanuni ya haki ni kwamba siku za zamani ndizo zitumike kwanza, ili zisimchachie mwenyewe mkononi. Basi siku 17 alizochukua zote ni za mwaka wa kwanza, na zilibaki 4 za mwaka ule. Mwaka wa pili una 21, miezi ya mwisho ina 14. Siku 35 hazina ubishi wowote, kwani mpaka wake ulikuwa bado haujafika alipoondoka. Siku 4 tu ndizo zilizokuwa zimepita mpaka wa Agosti 2025. Mjumbe mmoja wa bodi akasema: "Basi hizo nne amezipoteza." Tukafungua tena ombi la Juni. Lilikuwa la siku 12, liliwasilishwa miezi miwili kabla ya mpaka, na lilikuwa bado linasubiri. Nani alizipoteza? Kama neno lile "inasubiri" lisingekuwa na tarehe kando yake, tusingeweza kujibu, na mashaka yangemwangukia aliye mnyonge.

Tulibishana vikao viwili. Mwishowe kituo kililipa siku zote 39, shilingi 23,400. Tofauti na ile barua ya kwanza ilikuwa shilingi 9,900. Wapo waliosema ni fedha ndogo. Ni zaidi ya nusu ya mshahara wake wa mwezi. Na hata tungelipa mara kumi, siku 12 za Juni haziwezi kurudishwa.

Daftari linalodaiwa na sheria

Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Nasi tulikuwa na daftari, na mali ikaisha bila habari vilevile. Haitoshi basi kuwa na daftari. Lazima liseme ukweli, tena mwenye mali alione.

Kifungu cha 74 cha Sheria ya Ajira kinamtaka mwajiri aweke kumbukumbu za maandishi za kila mwajiriwa. Kuhusu likizo ya mwaka kinataja mambo matatu: siku anazostahili, siku alizochukua, na siku anazodai. Afisa wa kazi anayo haki ya kuzikagua. Daftari la likizo si hisani ya mwajiri mwenye moyo mzuri, wala si pambo la ofisi zenye kompyuta. Mwenye kibanda cha wapishi wawili anawiwa nalo sawasawa na mwenye kiwanda.

Daftari la haki lina hesabu moja nyepesi: salio ni siku zilizosogezwa kutoka nyuma, jumlisha zilizopatikana kila mwezi, toa zilizochukuliwa. Ukitaka kujua kama la kwenu linaiba, tazama mambo machache. Kwanza, tazama kinachoongezwa kila mwezi. Wapo wanaokata robo ya siku ili hesabu iwe nyepesi, wakaandika siku moja na nusu. Mwisho wa mwaka huwa 18 badala ya 21, na siku tatu zimeliwa na wino. Pili, tazama kinachotolewa. Sheria inataja siku za kazi. Jumapili ya mapumziko ikihesabiwa kuwa likizo, mtu wa siku sita aliyepewa majuma mawili hukatwa siku 14 badala ya 12. Siku za ugonjwa zina kifungu chake. Likizo ya uzazi nayo, kifungu cha 29 kinasema waziwazi kwamba mama haipotezi likizo yake ya mwaka kwa sababu ya kujifungua. Tatu, tazama ombi lisilojibiwa. Lisipunguze salio, kwa kuwa hakuna aliyepumzika, wala siku zilizomo ndani yake zisifutwe likiwa bado mezani kwa mtu.

Kwa wenye kuajiri, na kwetu sisi kwanza

Nawasemea kwanza waajiri wa Kanisa: maparokia, shule, hospitali na nyumba za watawa. Yohane Paulo II, katika waraka wake juu ya kazi ya binadamu wa mwaka 1981, aliyataja mapumziko ya kila mwaka miongoni mwa haki za mfanyakazi, pamoja na mapumziko ya Jumapili. Sisi tunausoma waraka huo katika semina na warsha, wakati mpishi wa warsha hiyo hajui ana siku ngapi. Tukiwaambia wenye mashamba na viwanda watende haki, nao wakaomba kuona daftari letu, tutawaonyesha lipi?

Katika kituo chetu tulibadili mambo manne, nami nayatoa kama deni, si kama sifa. Kikomo cha siku 5 kilifutwa, na kila siku sasa inabeba tarehe ya mpaka wake wa kisheria. Ombi lisilojibiwa ndani ya siku 14 huenda lenyewe kwa mwenyekiti wa bodi. Msimamizi anayekataa huandika sababu, pamoja na tarehe nyingine atakayoitoa kabla ya mpaka kufika. Na salio la kila mtu huandikwa kwenye hati yake ya mshahara. Sheria haidai hilo la mwisho, lakini gharama yake ni mstari mmoja wa wino. Tuliajiri pia mtu wa kushika zamu za wanaopumzika, na hilo ndilo lililogharimu. Bila yeye, yale mengine manne yangekuwa maandishi matupu, kwa sababu swali la msimamizi lilikuwa la kweli: nani atafua mashuka?

Kwa wenye kuajiriwa

Nanyi mnaofanya kazi, msingoje kompyuta iwakumbuke. Andika mahali pako tarehe uliyoanza kazi, na kila siku uliyopumzika. Omba likizo kwa barua yenye tarehe, ufanye nakala mbili, na anayepokea atie sahihi kwenye nakala yako. Ukiambiwa kwa mdomo "ngoja kidogo", rudi na karatasi ya pili inayosema kuwa tarehe fulani uliambiwa ungoje. Uliza salio lako kwa maandishi mara mbili kwa mwaka, ungali kazini, maana ni rahisi kusahihisha siku mbili leo kuliko siku 16 baada ya kuaga.

Ukiondoka na hesabu isikubaliane na daftari lako, usitie sahihi kwamba umelipwa kila kitu. Nenda kwa afisa wa kazi aliye karibu nawe. Naye akishindwa kuwapatanisha, iko Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Lakini usilale. Madai yatokanayo na mkataba wa kazi yana miaka mitatu tangu haki ilipovunjwa, na pale ambapo dhuluma ni ya kuendelea, miezi 12 tangu ilipokoma. Anayekaa akingoja huruma ya ofisi hukuta mlango umefungwa, na safari hiyo umefungwa na sheria yenyewe.

Yule mama mfuaji hakuwa na wakili wala chama. Alikuwa na daftari la shule na kalamu. Kila mwenye kuajiri asomaye haya, na afungue daftari lake kabla ya Desemba kufika, atazame maombi yanayosubiri, na asome majina yaliyoandikwa hapo.